Mamangu skani ya tezi imetoka kulia moto kushoto baridi, twaambiwa aanze dawa ya mionzi. Naomba mnifahamishe

BintiMambrui
Asalam aleikum jamani. Naomba wenye ujuzi wa mambo ya tezi ya shingo mnisaidie. Mamangu ana miaka 54, twakaa Mambrui, na tangu Ramadhani ipite analalamika usiku moyo wamwenda mbio, mikono yatetemeka hata kikombe cha chai akishika chamwagika, na madira yote yamempwaya ilhali chakula anakula tena kuliko zamani. Tukampeleka Malindi wakapima damu, TSH, ile homoni ya kuamrisha tezi, ikatoka 0.01 na kwa karatasi wameandika kawaida ni 0.4 mpaka 4.0, T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ikawa 29 na mwisho wake ni 22. Ultrasaundi ikaonyesha vinundu viwili, cha kulia sentimita 3.2 na cha kushoto 1.4. Tukaambiwa kuna skani ya iodini yataka Nairobi, tukaenda, akamezeshwa kapsuli akapigwa picha jioni na kesho yake tena.

Ripoti imesema cha kulia ni moto, yaani chavuta iodini sana, cha kushoto ni baridi, yaani hakivuti, na tezi imevuta asilimia 31 kwa saa 24. Daktari aliyetuona akasema hicho cha moto ndicho chamwaga homoni, anywe iodini ya mionzi dozi kubwa mara moja na mambo yameisha. Cha baridi hakukiongelea sana. Sasa mimi nimeshika simu usiku kucha nasoma, kila mahali wasema baridi ndio saratani. Tukubali hio dawa ama kuna kitu twarukia?

SisterWaWodi
Pole sana mamii, mpe mama salamu zangu. Mimi ni nesi, wodi ya wanawake, naona hizi kesi mara kwa mara. Kwanza kuhusu cha kulia tulia kabisa, kinundu kikiwa moto saratani ni nadra mno, hatudungi hata sindano ya kuchota chembe. Cha baridi ndio cha kuogopa, hicho kikionekana huwa ni saratani mpaka ithibitishwe si hivo, kwa hivo mwambie daktari akitoe haraka. Ila dawa ya mionzi si mbaya, itamaliza moto wa kulia na pengine hata hicho cha kushoto kitaungulia humo humo.

NahodhaMstaafu
Binti yangu shikamana na Mungu. Lakini kama mama keshameza hio kapsuli ya mionzi mbona yuko nyumbani na wajukuu? Mie mke wa ndugu yangu hapa Langoni alipomeza iodini Nairobi alikaa mbali na watoto siku nyingi, akalala chumba chake, choo chake, vyombo vyake. Msije mkawadhuru watoto. Na kama keshameza hio nyengine ya nini tena?

Mwanaamu
Msalkheri wote. Mzee Nahodha shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, kazi yangu ni kwenye chumba cha kamera ya gama Nairobi, kupiga hizi hizi skani, kwa hivo niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Nianze na la mzee manake litawatia watu hofu bure. Alichomeza mama ni cha kupimia, si cha kutibu. Kapsuli ya kupimia mara nyingi huwa ni iodini 123, dozi yake ni mikrokiuri mia mbili mpaka mia nne, na kila saa 13 nusu yake yapotea, kwa hivo baada ya siku chache haiko. Alichokunywa shemeji yako mzee wangu ni iodini 131, kwa tezi iliyozidi kazi hupewa milikiuri kumi mpaka ishirini hivi, yaani mara ishirini na tano mpaka mia ya ile ya kupimia, na nusu yake yachukua siku 8 kupotea, tena hii 131 yatoa miale inayounguza seli pale pale ilipo. Hio ndio ya kujitenga na watoto na wajawazito. Ya kupimia mama arudi kwake awapakate wajukuu, hakuna shida.

Sasa BintiMambrui, kabla sijasema kitu, nitumie maneno ya ultrasaundi yote kuhusu cha kushoto, si saizi peke yake. Waliandika nini kuhusu rangi yake, kingo zake, na kama kuna vidoa vyeupe ndani? Na je, kwenye picha ya skani sehemu nyengine ya tezi, si vinundu, ile nyama ya kawaida, ilionekana ama ilikua giza?

KijanaWaShela
Mwanaamu umenifurahisha kuona mtu wa kwetu. Mimi kakangu alienda skani kama hio mwaka juzi ikatoka asilimia 2, wakasema tezi haichukui kitu, wakati homoni zake zimepanda vibaya. Wakamwambia ana uvimbe wa ndani wa tezi utapoa wenyewe. Haukupoa. Baadae daktari mwengine akauliza kama alipigwa siti skani karibuni, kumbe wiki mbili nyuma alikua amepigwa ya tumbo, ile ya kudungwa dawa mshipani mwili wote wapata joto. Ilibidi angoje, akarudia, ikatoka tezi nzima yawaka. Kwa hivo dada angalia kama mama alidungwa dawa kama hio kabla.

Mwanaamu
Hii ya kakake KijanaWaShela naomba msiipite. Ile dawa ya siti skani ni iodini tupu, nyingi kuliko anayokula mtu kwa miezi. Tezi ikishajaa hio haina nafasi ya kapsuli yetu, picha yatoka tupu ukadhani tezi imelala. Twangoja wiki nne mpaka nane kulingana na mgonjwa. Dawa ya moyo inayoitwa amiodaroni ni mbaya zaidi, yakaa mwilini miezi. Na homoni nyingi na uvutaji mdogo ndio alama ile ile ya tezi iliyovimba, kwa hivo usipouliza historia waweza kumtibu mtu ugonjwa asokua nao.

BintiMambrui
Hapana, hakupigwa siti skani yoyote. Ultrasaundi hii hapa, mpwa wangu amenisomea: cha kulia kimechanganyika, kigumu na maji maji kidogo, kingo zake laini. Cha kushoto kigumu chote, cheusi kuliko nyama ya tezi, kingo hazijanyooka, na kuna vidoa vidogo vidogo vyeupe ndani. Kwenye picha ya skani kulia kuna doa kubwa linawaka, kwengine kote ni kama hakuna kitu. Upande wa kushoto mzima hauonekani, kama shingo nusu.

Mwanaamu
Ahsante. Hapo sasa nimepata nilichokitafuta, na hapa ndipo ningeomba SisterWaWodi naye asome taratibu, si kwa kumpinga.

Tezi yafanya kazi kwa amri ya TSH inayotoka kichwani. Kinundu cha kulia cha mama kimeharibika kwenye ile sehemu ya kupokea amri, chajiona kimeamrishwa kila wakati, kwa hivo chavuta iodini na kutoa homoni usiku na mchana bila kuulizwa. Kichwa chaona homoni zimejaa chazima TSH, ndio hio 0.01. Sasa nyama nzima iliyobaki, ile nzima isiyo na ugonjwa, haina wa kuiamrisha, yalala. Haivuti iodini. Ndio maana nusu ya shingo haionekani.

Kwa hivo nyama ya kushoto nzuri kabisa haionekani, na kinundu cha kushoto hakionekani. Utajuaje kama kinundu hicho ni baridi kwa asili yake ama kimelala tu pamoja na wenzake? Hujui. Skani hii haiwezi kukwambia. Anayeandika ripoti ameona ultrasaundi yasema kuna kitu pale, akatazama picha akaona giza, akaandika baridi. Neno hilo kwa mgonjwa ambaye TSH yake imezimwa na kinundu cha upande wa pili lina uzito mdogo sana, kwa kutisha na kwa kutuliza pia.

Skani hii iliulizwa swali moja, homoni zatoka wapi, na imejibu vizuri: kulia. Swali la saratani kushoto halikuulizwa hapa. Hilo lajibiwa na ultrasaundi na sindano. Na ultrasaundi ya mama imeshasema kitu: kigumu, cheusi, kingo mbovu, vidoa vyeupe, na kimezidi sentimita moja. Kwa ile mizani wanayotumia madaktari wa picha, hicho kimeingia daraja la juu kabisa la kushukiwa, la tano, na daraja hilo likifika sentimita moja kinadungwa sindano nyembamba. Hata kama skani ingesema ni cha uvuguvugu kingedungwa.

SisterWaWodi
Mwanaamu nimekuelewa kwenye hilo la tezi iliyolala, wodini twasoma tu mwisho wa ripoti. Lakini bado baridi ni hatari si ndio? Manake wataka kumwambia dada asiwe na wasiwasi.

Mwanaamu
Simwambii asiwe na wasiwasi, namwambia wasiwasi auweke mahali pake. Vinundu vingi vya tezi duniani ni baridi, karibu vinane kwa kumi ama zaidi. Baridi maana yake seli za pale hazivuti iodini, na sababu ni nyingi: mfuko wa maji, damu iliyovuja zamani, nyama iliyochoka, na saratani nayo, kwa sababu seli za saratani hupoteza ule mlango wa kuvutia iodini. Katika mia vilivyo baridi kweli, saratani huwa kama vitano mpaka kumi na tano. Kwa hivo wengi wenye baridi hawana saratani, na si kweli kwamba kila baridi ikatwe. Lakini kwa mama kinachonisumbua mimi si baridi, ni vile vidoa vyeupe na kingo.

Na ile ya kusema kitaungulia humo humo dada yangu hapana. Iodini ya kutibu yaenda inakovutwa. Kulia itavutwa, itaunguza. Kushoto haivutwi, si tumeona giza? Kwa hivo yaweza kupita bila kukigusa.

MamaTwahir
Jamani mimi niulize langu. Nimejifungua mwezi wa nne huu, nanyonyesha, moyo wadunda, jasho, TSH yangu 0.03. Daktari asema niende skani. Nimesoma hapa nimeogopa. Shingo yangu haina kinundu, haiumi.

Mwanaamu
MamaTwahir hongera ya mwana. Usimeze kitu chochote cha mionzi kabla hujawaambia kwa mdomo wako kwamba wanyonyesha, hata kama iko kwenye faili. Iodini yaingia kwenye maziwa. Wakitumia iodini 131 hata ya kupimia, kunyonyesha mwana huyu ndio basi kumekwisha. Wakitumia teknishiam, ile ya kudungwa mshipani na kupigwa picha dakika ishirini baadae, huwa ni kusimamisha kwa saa 12 mpaka siku nzima ukikamua na kumwaga.

Lakini waulize kwanza kama yahitajika. Baada ya kujifungua tezi za wanawake wengine huvimba, homoni zilizokua zimehifadhiwa zamwagika, wapata dalili zote hizi miezi ya kwanza, halafu baadae zashuka mpaka chini ya kawaida kabla ya kutulia. Huyo akipigwa skani yatoka asilimia moja. Ugonjwa mwengine ni ule wa kinga ya mwili kuchochea tezi nzima, huo uvutaji wapanda, na huo kuna kipimo cha damu cha kingamwili zake, TRAb. Ikitoka juu jibu umelipata bila mionzi. Anza na hio damu.

MamaTwahir
Ahsante kakangu. Nitauliza hio TRAb kesho inshallah. Hawakuniuliza kama nanyonyesha, mimi ndio niliwaona wanaandika karatasi nikanyamaza.

ChumviGongoni
Mimi nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huku Gongoni, twaambiwa kila siku chumvi lazima itiwe iodini, sheria hio iko tangu 1978, na watu wasema chumvi ndio imemaliza marovu ya zamani. Swali langu: sie watu wa bahari twala samaki kila siku, kamba, pweza, si tezi zetu zimejaa iodini tayari? Kwa hivo skani kwa mtu wa Pwani itatoka tupu kama ya kakake KijanaWaShela? Na mke wangu anywa unga wa mwani, amenunua kwa watu wasema waongeza nguvu.

Mwanaamu
Swali zuri. Samaki wa kula kawaida hawaharibu skani ya mtu kiasi hicho, wagonjwa wangu wengi ni wa Pwani na picha zatoka. Hospitali nyengine wakwambia upunguze vitu vya bahari na chumvi ya iodini wiki moja ama mbili kabla, nyengine hawasemi, na sidhani wote wana sababu moja. Lakini mwani ni jambo jengine kabisa. Mwani wakusanya iodini ya bahari ndani yake, kijiko cha unga chaweza kuwa na iodini ya mlo wa wiki nyingi na hakuna anayejua ni kiasi gani kwa sababu mfuko haujapimwa. Mkeo akitakiwa skani awaambie. Na hata bila skani, mtu mwenye kinundu kinachojiamrisha akipewa iodini nyingi kwa ghafla ni kama kumwaga mafuta kwenye jiko, homoni zapanda. BintiMambrui mama hanywi?

BintiMambrui
Hanywi mwani. Lakini kuna kitu chanisumbua. Mpwa wangu alisoma kwenye karatasi uvutaji wa kawaida ni 10 mpaka 30. Mama ana 31. Imezidi kwa moja tu! Sasa kama kinundu ndicho kinawaka mbona asilimia haijapanda sana? Yeye asema labda walihesabu vibaya.

Mwanaamu
Mpwa wako anafikiri. Kinundu kimoja cha moto hakilazimiki kupandisha jumla, kwa sababu wakati chenyewe chavuta sana tezi iliyobaki haivuti, jumla yaweza kubaki ya kawaida kabisa. Asilimia yasaidia kutofautisha tezi iliyovimba na tezi inayofanya kazi, kwa kesi ya kinundu picha ndio yenye maneno.

Kuhesabu vibaya kwapo, na niwaambie kunavyokua. Kabla mama hajameza, kapsuli yawekwa mbele ya kipimo, tuseme yasoma 50,000 kwa dakika. Kesho yake shingo yapimwa, tuseme 4,600, na paja lapimwa pia kwa sababu kuna iodini inayozunguka kwenye damu, 200. Shingo halisi ni 4,400. Sasa ukigawa 4,400 kwa 50,000 wapata kama 9, na ukasema tezi haivuti. Lakini zile 50,000 ni za jana. Iodini 123 baada ya saa 24 imebaki kama asilimia 28, kwa hivo kapsuli ile ile kama ingekua mezani leo ingesoma 14,200. Ugawe 4,400 kwa 14,200 wapata 31. Mtu akisahau hatua hio moja amebadilisha ugonjwa. Kwa mama 31 yakubaliana na picha, doa linawaka na damu yasema homoni ziko juu, vitu vitatu vyaelekea upande mmoja, kwa hivo sioni sababu ya kuitilia shaka. Ningeshuku kama picha inawaka na namba yasema 9.

KijanaWaShela
Na ile teknishiam? Kakangu mara ya pili ndio walimpiga hio, wakasema kapsuli za iodini zaagizwa na zakawia.

Mwanaamu
Ndio, teknishiam ni rahisi kupatikana, yatoka kwenye kifaa tunacholetewa na twaikamua wenyewe asubuhi. Yaingia kwa mlango ule ule wa iodini lakini haitumiki ndani, yatoka. Kwa hivo vipo vinundu vichache vinavyoonekana moto kwa teknishiam na baridi kwa iodini, vimebaki na mlango lakini ndani hakuna kazi, na ndani ya hivyo vichache saratani yaweza kuwamo. Ndio maana kinundu cha moto kwa teknishiam chenye sura mbaya kwa ultrasaundi hakiachwi kwa sababu ya joto lake. Mama alipata iodini kwa hivo cha kulia kiko wazi. Jengine, chini ya sentimita moja kamera yetu haioni vizuri, kinundu kidogo hupotea katika mwanga wa jirani yake.

NahodhaMstaafu
Mwanangu Mwanaamu nimefahamu sasa, Mungu akuweke. Basi huyu mama afanye nini? Kichwa chazunguka.

Mwanaamu
Mzee mimi si daktari wake, lakini kama ni mamangu mimi ningeomba hivi: ile dozi kubwa isimamishwe kwanza, kinundu cha kushoto kidungwe sindano, majibu yaje, ndipo yaamuliwe. Moyo utulizwe kwa vidonge na carbimazole, kidonge cha kushusha homoni za tezi, irudishwe, maana nadhani aliachishwa siku chache kwa ajili ya skani. Sababu yangu ni hii. Kushoto kukitoka safi, iodini ya kutibu ni njia nzuri kwa kulia. Kushoto kukitoka saratani, mama ataingia theatre hata hivo, na kulia kutatolewa siku hio hio, ile mionzi ingekua ya bure.

SisterWaWodi
Hapo niko na wewe. Lakini carbimazole irudi leo leo, mtu wa miaka 54 moyo ukienda mbio bila mpangilio damu yaweza kuganda. Mpimeni ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, kama hajapimwa. Mwanaamu nikuulize, mbona wasimpige skani ya pili akishatulia na carbimazole, TSH ikirudi, ndio tuone kama kushoto ni baridi kweli?

Mwanaamu
Waweza, TSH ikirudi nyama iliyolala yaamka na cha kushoto kitajieleza. Wapo madaktari wanaofanya hivyo, ila ni miezi ya kungoja, na kikitoka baridi utarudi pale pale kwenye sindano. Kwa kinundu chenye vidoa vile mimi sioni faida. Mwengine aweza kuona tofauti.

BintiMambrui
Wanajukwaa nimerudi, samahani nilikawia. Tulimwona daktari wa homoni Mombasa, akatazama picha zenyewe si ripoti peke yake, akasema karibu maneno yale ya Mwanaamu, akaisimamisha ile dawa ya mionzi. Kushoto kumedungwa sindano chini ya ultrasaundi, mama alisema aliumia kidogo tu. ECG iko sawa, moyo wakimbia lakini kwa mpangilio. Majibu ya sindano yametoka leo: Bethesda III. Wasema chembe hazieleweki, si safi na si saratani. Sasa hapa ndio tumekwama. Daktari ametupa mawili, turudie sindano baada ya miezi mitatu ama aende upasuaji. Mama ataka turudie, kisu anaogopa.

SisterWaWodi
Upasuaji mamii. Kulia lazima kutibiwe kwa njia moja ama nyengine, kushoto hakueleweki na sura yake mbaya, vyote viwili vyatoka kwa mara moja na maabara yatoa jibu la mwisho. Kungoja ni kujitesa.

Mwanaamu
Mimi kwa sura ile ya ultrasaundi naegemea upasuaji pia, lakini simlaumu mama. Bethesda III wengi wao huishia kuwa si saratani, na kurudia sindano mara nyingi hutoa jibu la wazi zaidi. Ila akitolewa tezi nzima atameza homoni kila siku maisha yake yote, na kuna hatari ya sauti kukauka na kalsiamu kushuka, hatari ambayo hupungua sana mikononi mwa mpasuaji anayefanya tezi kila wiki. Hilo muulizeni wazi, wafanya ngapi kwa mwaka. Na kama ataka kurudia sindano, miezi hio mitatu si ya kukaa bila dawa, anameza carbimazole huku akingoja, na hata kwa upasuaji lazima homoni zishuke kwanza, hapasuliwi mtu TSH 0.01 na T4 29.

BintiMambrui
Amerudishiwa carbimazole na kupewa propranololi ya kutuliza moyo tangu Mombasa, na kutetemeka kumepungua mashallah. Sindano ama kisu nyumbani bado twabishana, kaka mkubwa atoka Lamu Ijumaa ndio tutakaa kikao. Kuna kitu cha kuangalia na hizi dawa huku tukingoja?

Mwanaamu
Kipo kimoja, kiandikeni mlangoni. Akiwa kwenye carbimazole akashikwa na homa na koo kuuma, ama vidonda mdomoni, aache kidonge hicho siku hio hio na akapimwe damu kamili, msingoje kesho na msimpe antibiotiki za dukani mkalala. Ni nadra, lakini dawa hio yaweza kushusha seli nyeupe ghafla, mara nyingi miezi mitatu ya mwanzo. Kaka akifika mwambie anitafute kwa ujumbe wa ndani, nitamwonyesha jinsi ya kuisoma ile picha yeye mwenyewe kabla ya kikao.